Aliamka miguu imekaza: kisa kimoja kilichowasilishwa mara mbili

Kisa hiki kilipita katika kikao chetu cha asubuhi mara mbili ndani ya juma moja, katika hospitali ya wilaya kwenye uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Jumatatu tulikisikiliza na kukubaliana juu ya ugonjwa ambao mgonjwa hakuwa nao. Alhamisi tulikisikiliza tena kutoka kwa tabibu yule yule, juu ya mgonjwa yule yule, na wote tukaona kilichokuwa mbele yetu tangu mwanzo. Kati ya siku hizo mbili tulipata picha za eksirei na kipimo kimoja cha mkojo, na hata hivyo si hivyo vilivyotufumbua macho. Kilichobadilika hasa ni maswali aliyoulizwa mgonjwa na mpangilio wa maelezo. Nimebadilisha umri na mambo mengine madogo ili mwenye kisa asitambulike.

Jumatatu

Tabibu alisimama na faili mkononi akaanza hivi: "Mgonjwa wetu ni mwanamke wa miaka 27, ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alikuja na udhaifu wa miguu yote miwili unaoongezeka kwa wiki 5, na maumivu ya mgongo. Mjomba wake alitibiwa kifua kikuu miaka 2 iliyopita. Amepungua uzito. Kwenye uchunguzi, miguu ni dhaifu, refleksi zimepanda. Mpango ni kuanza dawa za kifua kikuu na kumwandalia rufaa."

Dakika mbili, amemaliza. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza kikao, na niliitikia kwa kichwa. Kifua kikuu cha mgongo tunakiona, miguu ikipooza ndicho kitu cha kwanza kinachotujia, na maelezo yote yalikaa sawa na jina lililotangulia. Hapo ndipo kosa lilipojificha. Jina la ugonjwa likitajwa katika sentensi ya kwanza, kila linalofuata husikika kama ushahidi wake. Mgongo unauma, bila shaka. Mjomba aliugua, bila shaka. Hakuna aliyeuliza mgongo umeuma tangu lini, wala mjomba aliishi nyumba gani.

Muuguzi mmoja mkongwe wa wodi ya wanawake, mzaliwa wa uwandani, ndiye aliyenyoosha mkono. "Daktari, samahani. Huyu mama jana usiku nilimsaidia kwenda msalani. Anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana, kama amefungwa kamba. Na mkojo anaushika vizuri kabisa. Nimemuuliza ilianzaje, akaniambia aliamka nayo."

Aliamka nayo. Katika faili kulikuwa na "udhaifu unaoongezeka". Nilimuuliza tabibu neno "unaoongezeka" amelipata wapi, naye akajibu kwa ukweli kwamba limetoka kwenye barua ya zahanati. Zahanati nayo, tulikuja kufahamu, iliandika hivyo kwa sababu mara ya kwanza mgonjwa alifika akishikiliwa na dada yake, na mara ya pili akiwa na fimbo. Fimbo ndiyo iliyofanya ugonjwa uonekane umezidi. Dawa tulizisimamisha kabla hazijaanza, tukaagiza eksirei ya mgongo na kipimo cha mkojo, kisha nikamwomba tabibu aanze upya kitandani kwa mgonjwa, nami nikiwa kando yake.

Kurudi kitandani

Historia ya mgonjwa aliyepooza miguu inasimama juu ya swali moja: iliingia kwa kasi gani? Saa, siku, wiki au miezi, kila kipimo cha muda kina magonjwa yake. Uvimbe unaokandamiza uti wa mgongo huchukua wiki hadi miezi. Kirusi cha HTLV-1 hukaza miguu polepole kwa miaka. Kuziba kwa mshipa wa damu wa uti huja ndani ya dakika au saa. Ndiyo maana "wiki 5" peke yake haisemi lolote, kwani inatuambia ugonjwa una umri gani, haituambii ulivyoingia.

Tatizo ni kwamba ukimuuliza mgonjwa "ilianza lini, na inaongezeka?" atakupa jibu unalolitaka. Tulimuuliza kwa njia nyingine: "Dada, siku ya mwisho uliyotembea vizuri kabisa ilikuwa lini, na siku hiyo ulifanya nini?" Alikumbuka bila kusita. Bomba la kijiji lilikuwa limeharibika, kwa hiyo aliteremka bondeni kuteka maji na kupanda na ndoo kichwani, safari mbili. Jioni alihisi miguu mizito na mapaja yakitetemeka, akadhani ni uchovu. Alfajiri alipotaka kuinuka kumnyonyesha mtoto, miguu ilikaza, akaanguka. Siku ya pili na ya tatu hakusimama kabisa. Siku ya nne alisimama kwa kushika ukuta. Tangu hapo, alisema, "iko vile vile tu, haizidi, haipungui."

Maumivu ya mgongo je? Anayo tangu alipoanza kulima, miaka kumi iliyopita, na hayakubadilika miguu ilipopooza. Mjomba alikuwa akiishi Dar es Salaam alipougua, na hawajakaa nyumba moja. Homa hakuna, jasho la usiku hakuna, kikohozi hakuna. Kupungua uzito ni kweli, lakini nyumba nzima ilikuwa imepungua. Jibu hili ndilo lililotufikisha kwenye chakula.

Swali la chakula nalo lina namna yake ya kuulizwa. Ukimuuliza mtu wa uwanda wa Makonde kama anakula muhogo, ni kama umemuuliza kama anakunywa maji. Atasema ndiyo, utaandika ndiyo, na hakuna mlichojua. Muuguzi yule ndiye aliyeuliza swali lenye faida: "Mwaka huu, tangu mnang'oa muhogo mpaka mnasonga ugali, zinapita siku ngapi?"

Mgonjwa alicheka kidogo kwa aibu. Zamani walikuwa wakimenya na kuanika makopa, juma zima au zaidi, ndipo watwange. Mwaka huu mvua zilikatika mapema, mahindi hayakutoka, na ilikuwa Oktoba, fedha ya korosho bado. Walibakiwa na mihogo michungu tu, na hiyo wakaianza kabla haijakomaa vizuri. Asubuhi wanang'oa na kumenya, wanatwanga, wanaanika juani, wanatwanga tena, jioni wanasonga. Kwa karibu miezi miwili walikuwa wakila ugali huo mara mbili kwa siku kwa mboga ya majani. Dagaa ilikuwa mara moja moja, kunde zilikuwa zimekwisha. Alipoulizwa kama walijisikia vipi baada ya kula, alisema siku nyingine kichwa kinauma, kizunguzungu, mtu anatapika, kisha inapita. Waliita "kulewa muhogo".

Ukweli mmoja wa mahali petu unahitaji kuelezwa hapa, kwa faida ya wasomaji wa mbali. Muhogo mchungu una linamarini, ambayo chembe za mzizi zikivunjika hugeuka na kutoa sianidi. Ukiloweka mihogo majini siku tatu au nne, sehemu kubwa ya sumu hutoka. Lakini uwandani maji ni ya kuteremkia bondeni, na mtu hawezi kuteka ndoo za kunywa halafu ateke nyingine za kulowekea mihogo. Kwa hiyo watu wetu huanika. Kuanika mizizi mizima au vipande vikubwa hutoa sumu kidogo kuliko kuloweka, na kunategemea sana muda. Muda ukikatwa kutoka juma moja hadi siku moja, sumu hubaki kwenye unga. Na mwaka wa ukame, mzizi wenyewe huwa na sumu nyingi kuliko kawaida.

Uchunguzi wa mwili ulifuata. Nitaueleza jinsi ulivyoandikwa upya, kwa sababu kuna maneno yaliyofutwa. "Miguu ni dhaifu" ilifutwa. Nguvu ilikuwa 4 kati ya 5 pande zote mbili, kwa hiyo udhaifu ulikuwa mdogo. Kilichomzuia kutembea ni ukakamavu: misuli ya mapaja ya ndani na ya ndama ilivuta kiasi kwamba magoti yalisuguana na visigino havikugusa sakafu. Tofauti hii ni kubwa. Miguu iliyolegea inakupeleka kwenye neva za pembeni, polio, au ugonjwa wa Guillain-Barré. Miguu iliyokakamaa inakupeleka kwenye njia za ubongo na uti wa mgongo. Neno "dhaifu" linachanganya njia hizo mbili kuwa moja.

Refleksi za magoti zilikuwa kali sawasawa pande zote. Kifundo kikikunjwa ghafla, mguu ulitikisika wenyewe mara sita, saba. Kidole gumba cha mguu kiliinuka juu kwenye kipimo cha Babinski, yaani unyayo ulipokwaruzwa, kulia na kushoto. Pamba, sindano na mtetemo wa uma wa sauti vyote alivihisi sawa kuanzia nyayo hadi kifuani, nasi tulitafuta kwa makusudi mstari ambapo hisia zinabadilika, hatukuupata. Mgongo ulikuwa umenyooka, hakuna kibyongo, na hakuna pingili iliyouma ilipogongwa. Mikono ilikuwa na nguvu kamili. Mkojo na choo aliweza kuvizuia.

Alhamisi

Hivi ndivyo tabibu alivyowasilisha mara ya pili. Nanukuu karibu neno kwa neno, kwa ruhusa yake.

"Ni mwanamke wa miaka 27, mkulima, ana watoto wawili, mdogo ana miezi 14 na bado ananyonya. Alikuwa mzima hadi wiki 5 zilizopita. Jioni moja, baada ya kuteka maji bondeni mara mbili, alihisi miguu mizito. Asubuhi yake miguu yote miwili ilikaza na hakuweza kutembea. Hali ilikuwa mbaya zaidi siku 3 za mwanzo, ikapata nafuu kidogo, na kwa mwezi mzima sasa haijabadilika. Hakuwa na homa, jeraha, wala maumivu mapya ya mgongo. Haja ndogo na kubwa hazikuathirika. Hajawahi kuugua hivi, na kwa miezi 2 kabla ya hapo kaya yake imekuwa ikila ugali wa muhogo mchungu uliosindikwa kwa siku 1, bila protini ya kutosha.

"Kwenye uchunguzi, joto ni 36.7, mapigo 76, uzito kilo 45. Anatembea kwa fimbo moja, kwa ncha za vidole, magoti yakipishana. Miguu ina ukakamavu kwa ulinganifu, nguvu 4 kati ya 5, refleksi kali, Babinski imeinuka pande zote. Hisia ni kamili, hakuna mstari. Mgongo hauna kibyongo wala maumivu. Mikono, macho na usemi ni salama.

"Hemoglobini ni 9.8. Kipimo cha VVU ni hasi. Eksirei ya mgongo, ya mbele na ya ubavu, haina pingili iliyoliwa wala nafasi iliyofinywa. Eksirei ya kifua ni safi. Mkojo una mayai ya kichocho.

"Kwa kifupi: mwanamke aliyekuwa mzima, aliyepata ukakamavu wa miguu yote miwili kwa ulinganifu ndani ya siku 1, usioongezeka kwa wiki 5, hisia na haja zikiwa salama, katika kaya inayokula muhogo mchungu usiosindikwa vya kutosha. Ninafikiri ni konzo, ukakamavu wa miguu unaoletwa na sianidi ya muhogo mchungu. Naomba tujadili kwanza yale ambayo hatupaswi kuyakosa."

Kikao kilikaa kimya kidogo. Kisha maswali yakaja, na safari hii yalikuwa maswali ya kweli.

Sentensi ile ya "kwa kifupi" ndiyo bawaba ya uwasilishaji wote. Ina mambo manne tu: mtu ni nani, kilimwingia kwa kasi gani na kikaendaje, kiko wapi mwilini, na mazingira gani yanaelekeza. Umri wa mtoto haumo, hemoglobini haimo, mjomba hayumo. Kuamua nini kiachwe nje ndiko kufikiri kwenyewe. Tabibu aliniambia aliandika sentensi hiyo mara tano, na kila mara alipofuta neno aligundua swali ambalo hakumuuliza mgonjwa. Ushauri wangu kwa wanaoanza ni huo: iandike sentensi ya muhtasari kwanza, ukiwa bado wodini, ili uone pengo lilipo wakati mgonjwa yuko karibu. Lakini kuitamka, itamke mwisho wa matokeo.

Kuhusu lililokosekana

Ukisoma uwasilishaji wa pili utaona "hakuna" nyingi. Si kila "hakuna" ina thamani. "Hakuna upele" isingemsaidia yeyote hapa. "Hisia ni kamili, hakuna mstari" inabomoa nusu ya orodha ya magonjwa, kwa sababu kitu kinachokandamiza uti wa mgongo, au uvimbe unaoukata upande hadi upande, kwa kawaida hugusa hisia na kibofu. Uti wa mgongo ni mwembamba kama kidole, na njia za mwendo, za hisia na za kibofu zimelala bega kwa bega. Ugonjwa unaochagua njia za mwendo peke yake, pande zote mbili kwa usawa, una tabia ya sumu au ya kasoro ya lishe. Hoja hiyo ndiyo iliyobeba utambuzi wetu, nayo ilisimama juu ya mambo ambayo hayakuwepo.

Shirika la Afya Duniani liliweka vigezo vya konzo mwaka 1996, na vyote vinapatikana kwa macho, masikio na nyundo ya refleksi: mwendo wa kukakamaa kwa ulinganifu mtu anapotembea au kukimbia; kuanza ndani ya chini ya wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima, bila kuongezeka baadaye; na refleksi kali za magoti au vifundo pande zote mbili bila dalili za ugonjwa wa uti wa mgongo. Jina lenyewe limetoka kwa Wayaka wa Kongo, ambako ugonjwa ulielezwa na madaktari kwa mara ya kwanza mwaka 1938, na linahusu miguu iliyofungwa. Muuguzi wetu alisema "kama amefungwa kamba" bila kujua hilo. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipooza hivi katika mkoa wa Nampula, ng'ambo ya Ruvuma, na huko waliuita mantakasa. Si ugonjwa mgeni kwa upande huu wa dunia.

Mayai ya kichocho

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu zaidi Alhamisi ni kipimo cha mkojo. Daktari mmoja wa mafunzo kwa vitendo alisema, na alikuwa na haki ya kusema: "Kichocho kinaweza kuingia uti wa mgongo. Mayai tumeyaona. Kwa nini tutafute mbali?"

Ni kweli kinaweza. Lakini Mtwara na Lindi kichocho cha mkojo kimekuwepo siku zote, na ukiwapima watu walioteka na kuoga bondeni utapata mayai kwa wengi wenye miguu mizima. Kipimo chanya cha kitu kilichoenea kinakuambia kwamba mgonjwa anacho. Hakikuambii kwamba ndicho kilichomleta. Ili kichocho kibebe lawama, kingepaswa kueleza kisa chote: kichocho cha uti wa mgongo hupenda sehemu ya chini ya uti, huja na maumivu ya kiuno na miguu, hugusa kibofu mapema, huvuruga hisia, na mara nyingi miguu hulegea. Mgonjwa wetu hana hata kimoja. Basi kichocho kitatibiwa kwa sababu kipo, na utambuzi utabaki pale pale. Katika uwasilishaji mzuri tokeo la namna hii halifichwi wala halipewi kiti cha mbele. Linatajwa, linapewa tiba yake, na mzungumzaji anasema wazi kwa nini halielezi kisa.

Kifua kikuu tulikijadili kwa uzito uleule, kwa kuwa kukikosa ni hatari kuliko kukosa konzo. Hapa kuna mpaka ambao msikilizaji lazima aambiwe: eksirei ya kawaida haifuti kifua kikuu cha mgongo, kwa maana mfupa unaweza kuwa umeanza kuliwa na picha bado ikaonekana safi. MRI hatukuwa nayo. Kwa hiyo hatukusema "eksirei safi, basi si kifua kikuu". Tulisema kwamba kuanza kwa usiku mmoja, kutobadilika kwa mwezi, hisia kamili na mgongo usiouma, pamoja na eksirei safi, vinakifanya kiwe mbali. Tukaweka pia njia ya kujisahihisha ndani ya mpango. HTLV-1 tuliiacha chini ya orodha kwa sababu ya kasi ya kuanza, na upungufu wa vitamini B12 kwa sababu hisia ya mtetemo ilikuwa kamili.

Mpango

Mpango wa Jumatatu ulikuwa na maneno matatu: dawa, rufaa, basi. Wa Alhamisi ulikuwa na jina la mhusika na siku mbele ya kila jambo, nami naamini mpango usio na hivyo viwili ni matumaini tu.

Konzo haina dawa ya kuiponya. Njia za mwendo zilizoharibika hazirudi, na mgonjwa aliambiwa hivyo siku ile ile, kwa upole, na mama yake akiwepo. Aliambiwa pia kwamba haitaendelea kupanda mwilini, na kwamba haiambukizi. Hilo la pili lilikuwa zito kwake, maana majirani walishaanza kuacha kumpa kikombe. Fiziotherapia ilianza Ijumaa: kunyoosha ndama na mapaja ya ndani mara mbili kwa siku, na dada yake kufundishwa kuifanya nyumbani kabla hawajaruhusiwa, kwa kuwa visigino visiponyooshwa hufupika na baadaye huhitaji upasuaji wa kano. Dawa za kulegeza misuli tulizizungumzia tukaziweka kando. Ukakamavu wenyewe ndio anaousimamia, na ukiuondoa kwa dozi kubwa unaweza kumlaza mtu aliyekuwa anatembea kwa fimbo.

Prazikwanteli, dawa ya kichocho, alipewa kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kilo, yaani miligramu 1,800, vidonge 3 vya miligramu 600 kwa mara moja. Kunyonyesha hakukusimamishwa. Mtoto anayenyonya huwa amekingwa kwa kiasi kikubwa na konzo, na hatari yake huanza anapoingia kwenye ugali wa nyumbani, kwa hiyo afisa lishe alielekezwa kwenye uji wa mtoto huyo kwanza.

Kisha unga. Muuguzi alimwonyesha mgonjwa na dada yake njia ya kulowanisha unga, ambayo inafaa uwandani kwa sababu inahitaji maji kidogo. Unga unawekwa kwenye bakuli na alama inawekwa mahali ulipofikia. Maji yanaongezwa huku unakoroga. Mwanzoni unga unashuka, kisha unapanda tena hadi kwenye alama, na hapo maji yanatosha. Unatandazwa juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1, unakaa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sianidi ipae, kisha unasongwa ugali siku hiyo hiyo. Njia hii hupunguza sumu iliyobaki kwa kati ya mara 3 na 6. Haichukui nafasi ya kuanika makopa vizuri, lakini kwa kaya yenye njaa leo ni kitu kinachowezekana leo. Tulisisitiza pia dagaa, mayai na kunde kila inapowezekana, kwa kuwa mwili hutumia salfa iliyo katika protini kuigeuza sianidi iwe kitu kinachotoka kwa mkojo.

Njia ya kujisahihisha niliyoitaja hapo juu iliandikwa hivi kwenye faili: mgonjwa achunguzwe tena siku ya 14 na tabibu yule yule, kwa nyundo ile ile, kwa mpangilio ule ule. Ikiwa nguvu imeshuka, mstari wa hisia umetokea, mkojo umegoma, au kuna homa au maumivu mapya ya mgongo, basi konzo si jibu, na apelekwe rufaa siku hiyo hiyo kwa picha ya uti wa mgongo. Konzo haiongezeki, kwa hiyo muda wenyewe ni kipimo. Lakini muda hupima tu pale ambapo uchunguzi wa kwanza umeandikwa kwa namna inayoweza kulinganishwa. "Miguu dhaifu" ya Jumatatu isingelinganishwa na chochote.

Mwisho, mganga mkuu wa wilaya alipigiwa simu kabla kikao hakijaisha, kwa sababu kaya moja inayokula hivyo ni nadra kuwa peke yake. Jumamosi afisa afya na tabibu walikwenda kijijini. Watu wazima wa kaya walikuwa wazima. Tabibu aliwaomba watoto wakimbie kutoka mwembeni hadi mlangoni, kwani kigezo kinasema kutembea au kukimbia. Binti wa miaka 9, mdogo wake mgonjwa, alitembea bila shida yoyote. Alipokimbia, magoti yalikaza na akajikwaa mara mbili. Nyumbani walidhani ana haraka tu. Refleksi zake zilikuwa kali pande zote mbili.

Siku ya 14 mgonjwa wetu alirudi kwa bodaboda, akashuka kwa fimbo ile ile. Nguvu ilikuwa 4 kati ya 5, hisia kamili, visigino vimekaribia sakafu kwa upana wa kidole. Tabibu aliandika matokeo chini ya yale ya kwanza, mstari kwa mstari, akaandika tarehe ya kurudi, na akaomba yule binti aletwe naye.